Daftari la Mama Mkubwa: nilivyopata uzi mmoja wa maombi yangu baada ya vyuo tisa kunikataa

Insha yangu ya kwanza ya kuomba chuo Marekani ilikuwa na maneno 648, na ndani yake nilitaja mambo kumi na moja ninayoyapenda. Idadi naijua kwa sababu baada ya majibu kutoka nilikaa na kalamu nyekundu nikayahesabu. Kulikuwa na baiolojia, mashairi, kuchora ramani, netiboli, kutangaza mpira siku za bonanza shuleni, hesabu za kikundi cha VICOBA cha mama yangu, kusoma tenzi za zamani, na mengine. Niliamini kwamba ukiomba shahada pana unatakiwa uonyeshe kuwa wewe mwenyewe ni mpana. Vyuo vinane vikasema hapana, cha tisa kikaniweka kwenye orodha ya kusubiri, na mwezi Mei nacho kikasema hapana. Ilikuwa mwaka 2023.

Mwaka uliofuata niliomba tena na nikapata. Matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa yale yale, shule ile ile, mtihani wa Kiingereza ule ule. Kilichobadilika ni jinsi nilivyoyapanga mambo yangu, na ndiyo maana naandika. Kila Julai, matokeo yakitoka, napata ujumbe wa Wasap kutoka kwa wadogo zangu wa shule wanaofanya kosa nililolifanya.

Kwanza nieleze hiyo shahada yenyewe. Wengi tunaita sanaa huria, jina ambalo nyumbani linachanganya: baba alidhani nakwenda kujifunza uchoraji, na mjomba akadhani ni kama Chuo Kikuu Huria, yaani kusoma ukiwa nyumbani. Sivyo. Ni shahada ya miaka minne ambayo unaingia bila kutaja fani. Kwa kawaida unasoma masomo manne kila muhula, takriban 32 hadi mwisho, na mwishoni mwa mwaka wa pili ndipo unachagua somo kuu. Mwanafunzi wa kemia anasoma falsafa, wa historia anasoma takwimu. Kwa sisi tuliotoka kwenye mfumo wa tahasusi, ambako ukishachagua CBG ukiwa kidato cha tano mlango wa HKL, wa historia, Kiswahili na Kiingereza, umefungwa, hii ilionekana kama ndoto. Mimi nilikuwa CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, na mashairi niliyasoma usiku baada ya prepu.

Sasa kosa linapoanzia. Anayeomba kusoma udaktari au uhandisi, jina la shahada linamsemea nusu ya maneno. Msomaji wa maombi anajua huyu anataka nini, kilichobaki ni kupima kama anaweza. Wewe unayeomba shahada isiyo na fani huna jina la kukusemea. Msomaji ana swali moja kichwani: huyu tukimpa uhuru wote huu wa kuchagua, ataufanyia nini? Ukimjibu kwa orodha ya mambo kumi na moja, umemwambia kwamba atazurura. Shahada ikiwa pana, maelezo yako ndiyo yanapaswa kubana. Hili sikulijua, na shuleni kwetu hakuna aliyelijua, maana tulikuwa wa kwanza kujaribu.

Gharama nazo nizitaje. Ada ya kuomba nilisamehewa, kwa sababu kwenye mfumo wa Common App, ambao fomu moja unaituma kwa vyuo vingi, shule inaweza kuthibitisha kwamba familia haina uwezo. Lakini vyuo sita kati ya tisa vilitaka fomu ya hali ya kifedha iitwayo CSS Profile, ambayo ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na dola 16 kwa kila kinachofuata. Jumla dola 105. Mama alizitoa kwenye mgao wake wa VICOBA wa mwisho wa mwaka. Baadaye nikagundua kwamba baadhi ya vyuo, ukiwaandikia barua pepe mapema kuwa huwezi kulipia, vinakubali fomu ya karatasi badala ya hiyo. Andika mwezi Oktoba, usingoje wiki ya mwisho wa Desemba ofisi zikiwa zimefungwa.

Gharama kubwa zaidi haikuwa fedha. Mwaka 2022 nilikuwa nimepata nafasi hapa nyumbani kusoma ualimu wa sayansi, nikaiacha. Baba hakunisemesha wiki mbili. Majibu ya Marekani yalipokuja yote ni hapana, alisema sentensi moja tu: “Haya, sasa?” Nililala na hiyo sentensi miezi kadhaa. Mtu akiniuliza leo kama aache nafasi ya ndani, namwambia ukweli wenye pande mbili. Ukishaanza chuo kikuu hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili wa wanaohamia kutoka nje ni mchache sana. Ukiiacha na ukakosa kule, umekosa kote. Kaa na wazazi muweke kikomo kabla hujaanza. Mimi na baba tuliweka chetu baada ya maumivu: nijaribu mara moja zaidi, na safari hii niombe na nyumbani pia.

Agosti 2023 nikaanza upya. Kuna kaka mmoja aliyewahi kusoma huko ambaye alikubali kusoma insha yangu ya zamani. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na nusu yake alikuwa kimya anasoma. Mwishoni akauliza, “Dada, nimesoma yote. Wewe unataka kujua nini?” Hakuuliza unapenda nini wala unataka kuwa nani. Nilishindwa kumjibu.

Nikajaribu njia ya pili, nayo ilikuwa mbovu kwa namna nyingine. Nilitafuta picha moja ya kuyafunika mambo yote. Mimi ni mtoto wa Tanga, basi nikachukua bahari. Baiolojia ikawa kina cha bahari, mashairi mawimbi, ramani upeo wa macho, VICOBA nanga. Niliipenda sana insha ile. Ilisomeka kwa ulaini, na mwalimu wangu wa Kiingereza aliisifu. Yule kaka akanijibu kwa mstari mmoja: “Ukitoa bahari, kinabaki nini?” Nikaitoa. Ikabaki orodha ile ile, imepungua hadi mambo manne. Kwa hiyo mkikaa na maombi yenu fanyeni jaribio hilo. Futa sitiari yote, kisha angalia kama jambo la kwanza linalazimisha la pili lije. Kama unaweza kubadilisha mpangilio wa aya zako na hakuna kinachoharibika, huna uzi, una kamba iliyozungushiwa vitu.

Jibu nilikuwa nalo ndani ya begi. Sikulihesabu kuwa jibu kwa sababu halikutoka shuleni.

Mama mkubwa wangu analima mwani kijijini wilaya ya Mkinga. Anapanda aina ya spinosamu, ingawa alijaribu pia kotoni, inayouzwa bei nzuri zaidi lakini haivumilii maji ya joto. Kila bamvua, maji yakitoka mbali, yeye na wenzake wanashuka kufunga miche kwenye kamba zilizotandazwa kati ya pegi, na baada ya wiki kama sita wanavuna. Ana daftari la kaunta la jalada la buluu, pembe zimelainika kwa chumvi. Ndani ameandika kila mavuno tangu mwaka 1441 wa Hijria, na ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani na shule ya serikali hakukaa. Ukurasa mmoja, wa mwezi uitwao Mfungo Tisa, unasema hivi: “Mfungo Tisa, 14. Kamba 60. Kilo 19. Maji moto, mwani umepauka.”

Nilikuwa nimeanza kulinakili daftari lile baada ya kukataliwa mara ya kwanza, wakati naishi kwake nikimsaidia, bila wazo lolote la chuo. Alitaka tu apate nakala kwa herufi ambazo binti wa katibu wa kikundi angeweza kuzisoma. Kazi ilinishinda mwanzoni. Herufi za Kiarabu kwa mtindo wake hazitofautishi sauti zote za Kiswahili: herufi moja ya be inabeba b, p na mb. Neno lile lile linaweza kuwa bata, pata au mbata. Kwenye ukurasa wenye biashara ya nazi na hesabu ya mapato, hata maana haikusaidii. Ilibidi nimsomee kwa sauti naye anisahihishe, na nilipofika kwenye mistari ya mashairi aliyoandika pembeni, vina ndivyo vilivyoniambia neno lipi. Kama mstari wa juu umeishia na -mba, wa chini hauwezi kuwa -ba.

Tarehe nazo zilikuwa mtihani. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama kumi na moja. Mfungo Tisa wa 1441 ulianza mwishoni mwa Januari 2020, wa 1443 ulianza mwanzoni mwa Januari 2022. Ukilinganisha mavuno ya Mfungo Tisa mwaka hadi mwaka unadhani unalinganisha msimu mmoja, kumbe umeteleza wiki tatu. Nikageuza tarehe zote 29 za mavuno. Kisha nikaona kwamba kilo peke yake zinadanganya, kwa kuwa alianza na kamba 40 akaongeza hadi 60. Nikagawa kilo kwa kamba. Ile siku ya mwani kupauka, katikati ya Januari 2022, ilitoa chini ya theluthi ya kilo kwa kamba. Mavuno ya miezi ya kusi, bahari ikiwa imepoa, mengi yalikuwa zaidi ya robo tatu ya kilo. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ndiyo yenye maneno “maji moto” pembeni.

Nikamwonyesha. Akanitazama akasema, “Mwanangu, hilo tunalijua. Wewe umejua leo?”

Nilipomsimulia yule kaka haya yote kwenye simu, tena kama porojo tu, alikaa kimya halafu akasema, “Rudia hapo kwenye bata na mbata.” Ndipo nilipoona. Mambo yangu yalikuwa yameshakutana ndani ya daftari moja, na yalikutana kwa sababu kazi ilidai hivyo. Bila mashairi nisingesoma maneno. Bila baiolojia nisingejua kwamba kupauka ni dalili ya ugonjwa unaoshika mwani ukisumbuliwa na joto. Bila hesabu za VICOBA nisingefikiria kugawa kwa kamba. Na swali la “unataka kujua nini” likapata jibu: maarifa ambayo watu wanayo na wameyaandika kwa namna yao, yanawezaje kusomwa na sayansi bila kuharibiwa njiani?

Naomba mlitazame swali hilo, maana ndilo lililonipa chuo. Haliwezi kujibiwa na idara moja. Mtu wa sayansi ya bahari atahitaji mtu wa lugha, wa lugha atahitaji wa takwimu, na wote watahitaji historia ya jinsi herufi hizo zilivyofika pwani na kwa nini ziliachwa kufundishwa shuleni. Upana wa shahada ukageuka kuwa hitaji la swali. Mwenye mambo mengi asianze kutafuta jina la kuyafunika. Atafute kazi moja aliyowahi kuifanya kwa mikono yake ambayo ilimlazimisha atumie mawili au matatu kwa pamoja, hata kama haikuwa na cheti. Kwa rafiki yangu mmoja ilikuwa kutengeneza spika za msikiti uliokuwa unatoa mwangwi. Kwa mwingine ilikuwa kumtafsiria bibi yake hospitalini.

Kuandika bado kulikuwa kazi. Maneno 650 ni kidogo, na mfumo haukuruhusu kuzidisha hata moja. Rasimu ya kwanza ya daftari ilitumia maneno 300 kueleza mwani ni nini. Nikapunguza hadi 60, msomaji anahitaji kujua tu kwamba unapandwa kwenye kamba na unaogopa joto. Nikaanza na ule mstari wa Mfungo Tisa, nikaenda kwenye bata na mbata, nikaenda kwenye kamba 40 na 60. Sehemu niliyoogopa kuiweka ndiyo iliyobaki hadi mwisho: nilisema wazi kwamba mavuno 29 ya shamba moja hayathibitishi kitu. Kuna mvua ya masika, ambayo nayo inaua mwani kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kuna miezi aliyougua akashindwa kwenda. Nikaandika ninachohitaji kujifunza ili niweze kutenganisha hayo. Mwanzoni nilifikiri kukiri upungufu kutaniangusha, lakini aya hiyo ndiyo iliyoonyesha nitafanya nini nikipewa masomo 32 ya kuchagua.

Netiboli haikuingia. Utangazaji wa mpira haukuingia. Iliniuma, kwa sababu nilitangaza mpira miaka minne na watu wa shule wananijua kwa hilo. Lakini insha siyo mahali pekee. Fomu ina orodha ya shughuli, nafasi kumi, kila moja herufi 150 za maelezo pamoja na nafasi za katikati, na zinasomwa kwa mpangilio unaouweka wewe. Mwaka wa kwanza namba moja ilikuwa “kiranja wa taaluma”, na maelezo yakasema niliwajibika kwa nidhamu na maendeleo ya wanafunzi, maneno ambayo kiranja yeyote angeyaandika. Mwaka wa pili namba moja ilikuwa daftari, na maelezo yake, nikiyaweka hapa kwa Kiswahili, yalikuwa hivi: “Nilinakili daftari la mkulima wa mwani toka herufi za Kiarabu, nikageuza tarehe za Hijria, nikapanga mavuno 29 kwa msimu.” Ya pili ikawa hesabu za VICOBA, na idadi ya wanachama. Utangazaji ukawa wa tano, kwa kitenzi kimoja na namba moja ya mechi. Netiboli ya nane. Uzi hauhitaji kupita katika kila kitu. Vitu vitatu vya juu vikiusema, vilivyobaki vinaruhusiwa kuwa vyako tu.

Barua za walimu ndizo nilizokaribia kuziharibu mara ya pili. Mwaka wa kwanza mwalimu mmoja aliniandikia barua kama ile ya kuhitimu: mwanafunzi mtiifu, mwenye heshima, mchapakazi, anafaa popote. Alinipenda, na aliandika kwa namna ambayo barua zetu huandikwa. Lakini msomaji wa kule anatafuta tukio. Safari hii nilikwenda mwenyewe hadi kwa mwalimu wa baiolojia, nikamsalimia, nikampa ukurasa mmoja wenye mambo matatu aliyoyashuhudia: siku niliyobishana naye kuhusu jaribio la osmosisi, ramani niliyomchorea ya mikoko, na swali nililomuuliza juu ya mwani kupauka kabla sijaona daftari. Nikamwambia, “Mwalimu, lile unalolikumbuka ndilo uliandike, mengine yaache.” Kwa mwalimu wa Kiswahili, ambaye hakunifundisha kidato cha sita lakini alikuwa mlezi wa klabu ya mashairi, nikafanya vivyo hivyo. Mmoja akaniona kupitia sayansi, mwingine kupitia vina, na hakuna aliyesoma barua ya mwenzake. Wape mwezi mzima. Na kumbuka kwamba mwalimu anapakia barua mwenyewe kwa kiungo kitakachotumwa kwenye barua pepe yake. Wa kwangu alikuwa amesahau nywila, tukapoteza siku tatu.

Mahali pengine panapoumbua ni insha fupi za nyongeza, hasa ile inayouliza kwa nini chuo hiki. Mwaka 2022 niliandika moja, nikabadilisha majina. Vyuo vyote vilisifiwa kwa walimu bora na utofauti wa wanafunzi. Lakini vyuo hivi vinatofautiana sana katika kitu kile kile unachokiombea, yaani uhuru. Grinnell kule Iowa kina somo moja tu la lazima, la mwaka wa kwanza. Amherst hali kadhalika, ukiacha masharti ya somo kuu. Columbia ni kinyume chake, kila mwanafunzi anapitia kundi la masomo ya msingi yaliyopangwa. College of the Atlantic kule Maine kinatoa shahada moja tu kwa wote, ya ikolojia ya binadamu. Swali langu likawa linaingia kila mahali kwa mlango tofauti. Penye uhuru kamili nilieleza masomo manne ya muhula wa kwanza ambayo ningeyachagua na lipi linategemea lipi. Penye msingi wa pamoja nilieleza ningependa kusoma nini pamoja na watu ambao hawajawahi kuona mwani. Nilifungua orodha ya masomo ya kila chuo, ile ndefu, siyo kurasa za picha, na nikahakikisha somo ninalolitaja linafundishwa kweli. Mara mbili nilikuta somo nililolipenda lilifundishwa na mwalimu aliyekwisha kuondoka.

Kitu kimoja nusura nikisahau kabisa. Nilikuwa nimemaliza kila kitu Desemba, siku tisa kabla ya tarehe 1 Januari, ndipo nikakumbuka sijamwomba mama mkubwa ruhusa. Daftari ni lake. Ndani kuna madeni ya majirani kwa majina. Nikapanda daladala hadi kwake, nikamsomea insha yote nikiitafsiri sentensi kwa sentensi, tumekaa barazani na yeye anakata taitai za kufungia miche. Alinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimeandika hajui kusoma. “Najua kusoma,” alisema, “wewe ndiye ulikuwa hujui.” Nikaifuta sentensi ile palepale. Nilikuwa nimeiweka ili msomaji avutiwe, na ilikuwa uongo. Mara ya pili aliuliza kama jina lake lipo. Nikamwambia nimeandika mama mkubwa tu. Akafikiri, akasema inatosha, lakini madeni ya watu yasitajwe. Hayakutajwa.

Majibu yalitoka wiki ya mwisho ya Machi 2024. Safari hii niliomba vyuo saba. Vinne vilikataa, viwili vikaniweka kusubiri, kimoja, chuo kidogo cha jimbo la Minnesota, kikanikubali na ufadhili wa kutosha. Nalisema hili bila kulipamba: kwa mwombaji wa kigeni anayehitaji fedha nyingi, vyuo vingi vinaangalia uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua, na insha nzuri haiondoi hilo. Kabla ya kuchagua vyuo tafuta kwenye ukurasa wa kila kimoja kama kinapima hitaji la fedha kwa wanafunzi wa nje. Mwaka wa kwanza sikutafuta, na vyuo vitatu kati ya tisa havikuwa na ufadhili mkubwa kwa mtu kama mimi hata kama ningeandika nini.

Barua ya kukubaliwa ilikuwa na mistari miwili iliyoongezwa kwa mkono chini ya saini. Mtu aliyesoma maombi yangu aliandika kwamba angependa kujua mavuno ya kaskazi ya mwaka huo yalikuwaje. Nikampigia mama mkubwa. Aliniambia nisubiri afungue daftari, nikasikia kurasa zikifunuliwa, kisha akanisomea: Shaabani, 15, kamba 60, kilo 23. Nikamuuliza maji. Akasema alikuwa hajaandika bado kwa sababu binti wa katibu alikuwa ameliazima daftari kunakili, na kesho yake kulikuwa na bamvua, kwa hiyo nikate simu akalale.